Mzee kapewa matone mawili ya presha ya macho: yanawekwaje, saa ngapi, na akiruka inakuwaje?

Mwana_Mkubwa
Habari za jioni wakuu. Mzee wangu ana miaka 64. Wiki hii kapimwa macho, akaambiwa ana glakoma, ile presha ya macho. Jicho la kulia lilisoma 32, la kushoto 27. Karudi na vichupa viwili: timolol 0.5%, imeandikwa 1x2 macho yote, na latanoprost 0.005%, 1x1 usiku macho yote. Maelezo ya dirishani yalikuwa "hii asubuhi na jioni, hii usiku", basi.

Nimemtazama anavyoweka. Kainua uso, chupa iko mbali juu, matone mawili yakaenda shavuni, la tatu likagonga kope, halafu akapepesa macho harakaharaka. Sidhani kama kuna kilichobaki ndani. Naomba wanaojua kazi hii waniambie: yanawekwaje vizuri, ya usiku yanafuatanaje, na akisahau tufanyeje?

Kijana_wa_Sinza
Pole mkuu. Apunguze chumvi na atembee kila siku. Presha ikishuka na macho yatarudi kuona kama zamani.

Nesi_Macho
Kijana, hiyo ni presha ya damu. Hii ni presha ya maji yaliyomo ndani ya jicho: yanatengenezwa muda wote, na njia ya kutokea ikiwa nzito yanajaa na kuubana mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mtu anaweza kuwa na presha ya damu nzuri kabisa na jicho likasoma 32. Na sehemu ya kuona iliyokwisha kupotea hairudi, dawa inalinda iliyobaki. Mzee alijue hilo mapema, maana asipoona nafuu atadhani dawa ni maji.

Mwana_Mkubwa, kabla ya mengine nijibu: mzee ana pumu, au amewahi kuambiwa mapigo ya moyo yako chini? Na anameza dawa gani nyingine?

Mwana_Mkubwa
Pumu hana. Anameza atenolol ya presha ya damu, mwaka wa nne sasa. Kliniki ya macho hawakuuliza, naye hakusema.

Nesi_Macho
Basi kesho asubuhi wapigie au rudini mseme hilo. Atenolol na timolol ni ndugu, zote hupunguza mapigo ya moyo. Watu huona tone ni kitu kidogo, lakini kona ya jicho ina tundu linalopeleka machozi puani, na kutoka puani dawa inaingia kwenye damu moja kwa moja bila kupita kwenye ini kama kidonge kinavyopita. Ndiyo maana mwenye pumu anaweza kubanwa kifua kwa tone la timolol. Mwenye pumu asiliweke hata mara moja kabla ya kuongea na daktari.

Kwa mzee, msisimamishe atenolol kienyeji. Mhesabieni mapigo akiwa ametulia, dakika nzima. Yakiwa chini ya 60, au akipata kizunguzungu, kuishiwa nguvu, au kukosa pumzi, asisubiri tarehe ya kliniki. Daktari anaweza kuziendeleza zote mbili kwa uangalizi au kubadilisha tone, huo ni uamuzi wake.

Sasa namna ya kuweka. Nitaandika kwa urefu kwa sababu hapa ndipo dawa nyingi inapotelea.

Anawe mikono kwa sabuni. Akae kwenye kiti chenye egemeo au alale chali, asisimame mbele ya kioo. Kichwa kiangalie dari. Kidole kimoja cha mkono usioshika chupa kivute kope la chini taratibu kuelekea shavuni, mpaka patokee kijimfuko kati ya kope na jicho. Tone linatakiwa kuangukia kwenye huo mfuko, si juu ya mboni. Likigonga mboni jicho linashtuka na kufumba, na kufumba kwa nguvu ndiko kunakolitoa.

Chupa iwe juu ya jicho kwa kiasi cha upana wa kidole, isiwe juu zaidi. Ncha yake isiguse jicho wala kope, maana ikigusa vijidudu vinapanda ndani ya chupa na wiki nzima anajipaka navyo. Kama mkono unatetemeka, aukandamize mkono wenye chupa juu ya paji la uso, uegemee pale. Macho yatazame juu, nyuma ya kichwa, aminye tone moja.

Baada ya hapo ndipo wengi wanapokosea. Asipepese. Afumbe jicho polepole kama mtu anayesinzia, kisha aweke ncha ya kidole kwenye kona ya ndani, pale panapokutana jicho na pua, na kubonyeza kuelekea mfupa wa pua kwa dakika mbili. Asibonyeze jicho lenyewe. Akiwa amepapata, atahisi kitu kidogo kama punje chini ya kidole. Kubonyeza huko kunaziba lile tundu, dawa inakaa jichoni badala ya kushuka kooni. Kwa mzee mwenye atenolol usiliruke hili hata siku moja. Akihisi uchungu wa dawa kooni, ujue kidole hakikuwa mahali pake.

Kilichomwagika nje afute kwa kitambaa safi au tishu, kisha ahamie jicho la pili.

Mchangiaji_Huru
Nesi kasema vizuri, ila kwa wazee naona ni salama kuweka mawili. Moja likipotea, lingine limeingia. Na dawa ikiwa nyingi presha inashuka zaidi.

Mfamasia_wa_Zamu
Nusu ya hapo ni kweli. Tone likienda shavuni na una hakika halikuingia, weka lingine mara moja, hakuna ubaya. Lakini likiingia, la pili halina pa kukaa. Mfuko wa kope unabeba kama mikrolita 30, na tayari una machozi. Tone moja kutoka kwenye chupa ni mikrolita 30 hadi 50. Kwa hiyo hata hilo moja linafurika kidogo, la pili linakwenda shavuni au puani. Presha haishuki zaidi, kinachoongezeka ni dawa inayokwenda kwenye moyo na mapafu.

Kwa latanoprost ni mbaya zaidi. Ukiiweka zaidi ya mara moja kwa siku, uwezo wake wa kushusha presha unapungua. Mara moja tu.

Na hesabu ya chupa nayo inamsema mtu. Latanoprost ya mililita 2.5 hutoa takribani matone 80. Mzee anatumia 2 kwa siku, siku 28 ni 56. Ikibaki kidogo mwisho wa wiki ya nne ni sawa, yale ya ziada ni ya kukosea. Ikiisha siku ya 15, zaidi ya nusu inamwagika. Ikifika mwisho wa wiki ya nne na chupa iko nusu, kuna siku hakuweka. Andikeni tarehe ya kufungua kwenye chupa yenyewe kwa kalamu ya wino, maana boksi hupotea.

Mwana_Mkubwa
Hii ya hesabu nimeipenda. Na kama hawezi kabisa kulenga? Mama naye haoni karibu.

Nesi_Macho
Ipo njia ya macho yaliyofumba. Aoshe uso kwanza na kuukausha, alale chali kabisa bila mto, afumbe macho. Tone lidondoshwe kwenye kona ya ndani, pale bondeni kando ya pua. Kisha afumbue jicho taratibu bila kuinua kichwa, tone litaingia lenyewe. Halafu afumbe na kubonyeza kona kama nilivyoeleza. Ikishindikana, apatikane mtu mmoja wa nyumbani awe ndiye mwekaji. Mtu mmoja, siyo "atakayekuwepo", kwa sababu wakiwa wanne kila mmoja atadhani mwenzake ameshaweka.

Mfamasia_wa_Zamu
Saa. Timolol iachane kama saa 12: saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Latanoprost jioni au usiku, saa ileile kila siku. Imechaguliwa usiku kwa sababu nguvu yake kubwa inakuja kati ya saa 8 na 12 baada ya kuweka, kwa hiyo inafunika asubuhi, na inaendelea kufanya kazi siku nzima.

Akitaka kuyaunganisha ya usiku yasimsahaulishe, aweke timolol saa 1, asubiri, kisha latanoprost. Muda wa kusubiri ni dakika 5 kwa uchache, mimi huwaambia 10. Akifuatisha papo hapo, tone la pili linaliosha la kwanza, ni kama hakuweka kitu. Nani aanze si tatizo kwa hizi mbili. Ila siku akipewa dawa yenye unga ulioyeyuka nusu, ya kutikisa kabla ya kutumia, au mafuta ya jicho, hizo zifuate baada ya hizi, na mafuta yawe ya mwisho kabisa.

Vichupa hivi vinafanana sana. Zungusheni mpira wa pesa kwenye cha usiku, ili hata gizani mkono ujue.

Mchangiaji_Huru
Kwenye hilo la chupa ya usiku, inatakiwa friji muda wote. Kama umeme umekatika, itupwe.

Mfamasia_wa_Zamu
Taratibu. Latanoprost nyingi ambazo hazijafunguliwa zinatunzwa nyuzi 2 hadi 8, hiyo ni friji ya kawaida, siyo friza, ikiganda haifai. Ikishafunguliwa inakubali kukaa nje isipozidi nyuzi 25, na hutumika wiki nne, nyingine boksi linasema sita. Tatizo letu ni kwamba chumba cha Dar mwezi wa pili hakiko 25. Kwa hiyo mwenye friji airudishe humo hata baada ya kufungua, kwenye mlango wake. Umeme ukikatika saa chache usiitupe, acha friji imefungwa. Usiiache kwenye gari wala dirishani. Zipo pia zilizotengenezwa kukaa bila friji tangu mwanzo, soma boksi. Timolol haihitaji friji, ila nayo chupa ikifunguliwa ni wiki nne, kisha mpya.

Dada_wa_Mikindani
Na asiye na friji? Huku kwetu tunatumia mtungi wa udongo wenye maji kwa insulini ya bibi. Unafaa kwa hii?

Mfamasia_wa_Zamu
Kwa chupa iliyokwisha funguliwa, iwe ndani ya kikopo kilichofungwa vizuri maji yasiingie, naona ni bora kuliko kabatini kwenye joto. Kwa ambayo haijafunguliwa, nisingeitegemea kwa miezi. Nunueni moja moja na muifungue siku hiyohiyo, msiweke akiba.

Nesi_Macho
Mimi kwa asiye na friji ningemwomba daktari amwandikie isiyohitaji baridi, kama inapatikana mahali hapo. Mtungi joto lake linabadilika na upepo na maji.

Chakechake_Mjini
Assalaam aleikum. Na mwezi wa Ramadhani? Mzee wetu huacha dawa mchana kwa kuogopa kufungua swaumu.

Nesi_Macho
Waaleikum salaam. Masheikh ndio wa kusema hukumu, na wametofautiana: wengi wa madhehebu ya Shafii wanasema tone la jicho halifunguzi, wengine wanaangalia kama limefika kooni. Lakini kwa dawa hizi hata mabishano hayahitajiki. Timolol aiweke wakati wa daku kabla ya alfajiri, na tena baada ya futari. Nafasi inakaribia saa 13 au 14, si mbaya. Latanoprost baada ya tarawehe. Mchana hakuna kitu. Mwenye dawa ya mara tatu ndiye amwone daktari kabla mwezi haujaandama.

Mwana_Mkubwa
Asanteni sana. Sasa lile swali la kusahau. Mzee mwenyewe amesema "siku moja moja haina neno, hata siumwi".

Nesi_Macho
Kuna ukweli ndani yake, na ndiyo hatari yake. Siku moja akisahau, presha hairuki ghafla, dawa hizi zinaisha nguvu polepole. Hatapofuka kwa usiku mmoja. Na kweli haumwi: glakoma ya aina hii haiumi, na inaanza kula pembeni mwa uwanja wa kuona. Jicho moja linamfichia mwenzake. Mtu anasoma gazeti vizuri huku hamwoni bodaboda anayetokea ubavuni.

Nikuonyeshe inavyokwenda kwa mgonjwa kama mzee. Tuseme anaruka usiku wa Ijumaa na Jumamosi kwa sababu ya safari na shughuli. Ni usiku 2 kwa wiki, kama 8 kwa mwezi. Kila wiki presha inapanda siku hizo, inashuka katikati ya wiki. Tarehe ya kliniki ni Alhamisi. Kwa kuwa anajua anakwenda kupimwa, tangu Jumatatu ameweka bila kukosa. Chombo kinasoma 17. Daktari anaandika "presha nzuri, aendelee". Wote wanafurahi. Baada ya miezi sita kipimo cha uwanja wa kuona kinaonyesha doa jeusi limekua jicho la kulia. Daktari ana karatasi mbili zisizopatana: presha nzuri, mshipa unakufa. Atafikiri dawa haitoshi, ataongeza ya tatu, au ataanza kuzungumzia upasuaji, kumbe tatizo lilikuwa Ijumaa na Jumamosi. Nyuzi za mshipa zilizokufa katika zile siku hazioti tena.

Kwa hiyo mkienda kliniki semeni ukweli kwa tarakimu: "mwezi huu ameruka usiku nane". Hakuna atakayemgombeza mwenye akili, na jibu litabadilika. Na siku ya kliniki aweke tone la asubuhi kama kawaida, aende na vichupa vyote viwili, waone vimebaki kiasi gani.

Mfamasia_wa_Zamu
Niongeze moja ninaloliona sana dirishani: mtu anamaliza chupa, anadhani amemaliza dozi. Tumezoeshwa hivyo na dawa za malaria na za vidonda. Hii haina dozi ya kumaliza. Chupa ikiisha Jumanne, nyingine ianze Jumanne hiyohiyo. Ikibaki wiki moja, ndiyo siku ya kwenda kununua. Na kama bei ndiyo inayomfanya aruke, aseme. Timolol kwa kawaida ni nafuu zaidi kuliko latanoprost, na daktari anaweza kupanga upya. Kuna pia leza: KCMC Moshi walifanya utafiti, ukatoka 2021, wakilinganisha leza na timolol 0.5%, na baada ya mwaka leza ilifanya vizuri zaidi. Haipatikani kila hospitali, lakini ni halali kuiuliza.

Mchangiaji_Huru
Akisahau ya usiku akakumbuka saa 1 asubuhi, aweke palepale. Kukaa bila dawa mpaka usiku ni mbaya.

Mfamasia_wa_Zamu
Karatasi ya latanoprost inasema aendelee na dozi inayofuata kwa saa yake. Ameruka, ameruka. Timolol ndiyo ya kuweka ukikumbuka, isipokuwa muda wa inayofuata umekaribia.

Nesi_Macho
Kliniki nyingine huwaambia wagonjwa wa latanoprost waweke wakikumbuka asubuhi, kisha usiku waendelee. Hoja yao ni kwamba pengo la saa 48 si zuri. Hoja ya karatasi ni kwamba mbili zisisogeleane. Mwana_Mkubwa, muulize daktari wake anataka ipi, uiandike kwenye daftari la kliniki. Tunalokubaliana sote: haiwekwi mara mbili usiku huohuo kufidia.

Mama_Salha
Samahanini kuingilia, mimi natumia hiyo ya usiku, huu mwezi wa tano sasa. Macho mekundu, kope zimerefuka, na chini ya jicho pamekuwa peusi. Dukani wamenipa tone la macho mekundu, ni dexamethasone na gentamicin. Nimeanza jana, yametakata kabisa.

Nesi_Macho
Mama Salha, acha hilo tone leo, na uende kliniki wiki hii upimwe presha, ukiwa nalo mkononi. Dexamethasone inaweza kupandisha presha ya jicho, tena kwa mtu mwenye glakoma, huku jicho likionekana zuri. Wekundu, kope ndefu na weusi wa ngozi ni mambo yanayojulikana ya latanoprost. Weusi unapungua ukifuta kilichomwagika kila usiku kabla hujalala. Wekundu mara nyingi hupoa baada ya wiki kadhaa, lakini wako umefika mwezi wa tano, ni haki daktari auone na pengine akubadilishie. Usiache latanoprost mwenyewe. Ila kama kuna maumivu makali, uoni umefifia ghafla au unaona duara za rangi kwenye taa, nenda leoleo.

Mama_Salha
Nimeacha. Nitakwenda Jumatatu na vyote viwili.

Mwana_Mkubwa
Mrejesho: nimewapigia kliniki kuhusu atenolol, wamesema aje Jumatano wapime mapigo, na wakati huo asiache kitu. Leo saa 1 usiku nimemwekea mimi, kwa njia ya macho yaliyofumba. Kakaa dakika mbili kidole kikiwa konani, hakusikia uchungu kooni. Dakika kumi, kisha ile ya mpira wa pesa. Mmoja ananiuliza pembeni: sisi watoto tupimwe?

Nesi_Macho
Ndiyo. Watoto wake, na ndugu zake wa tumbo moja, wote. Msiombe miwani tu. Waambieni mnataka kupimwa presha ya jicho na mshipa wa nyuma utazamwe, kwa sababu baba ana glakoma.